Bosi wa Nipe Nikupe na Bosi wa Mageuzi

Kuna viongozi wa aina mbili. Wa nipe nikupe huongoza kwa makubaliano: fanya hiki upate hiki, ukikosea utakatwa. Wa mageuzi hubadilisha namna wafanyakazi wanavyoiona kazi yenyewe.

Mimi nimefanya kazi chini ya wote wawili, katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini Mombasa. Bosi wa kwanza alimlipa karani ziada kwa kila faili aliyoimaliza kabla mzigo haujaanza kutozwa gharama za kukaa bandarini. Kasi iliongezeka. Lakini tuligombania faili nyepesi, ngumu zikalala mezani, na aliyekosea hati alinyamaza asikatwe. Kosa lilijulikana mzigo umeshazuiliwa.

Bosi wa pili hakuifuta ziada ile. Kila Jumamosi asubuhi alitukalisha, akaanza na kosa lake mwenyewe la wiki hiyo, kisha tukagawana faili ngumu, mzoefu na mgeni pamoja. Makosa yakaanza kusemwa siku hiyohiyo, kungali na nafasi ya kurekebisha hati.

Kwa hivyo mwanafunzi wa menejimenti asikimbilie kuandika kwamba mmoja ni mbaya na mwingine mzuri. James MacGregor Burns, mwaka 1978, aliziona aina hizi kama ncha mbili zinazopingana. Mwaka 1985 Bernard Bass akaeleza kwamba kiongozi mmoja aweza kuwa nazo zote, ya pili ikijengwa juu ya ya kwanza. Bosi wetu angechelewesha mishahara, nani angemsikiliza Jumamosi?