Udhuru Unaobeba Maoni

Kumbukumbu za kikao huanza na orodha: waliohudhuria, waliotoa udhuru, na waliokosa bila taarifa. Ukishindwa kufika, ujumbe mmoja uliotumwa mapema ndio unaokuweka katika orodha ya pili badala ya ya tatu. Ukiuandika vizuri, maoni yako yataingia kikaoni hata kama kiti chako ki tupu.

Tuchukue mfano wa mtunza ghala. Amealikwa kikao cha bajeti Alhamisi, saa nne asubuhi, siku ambayo anahesabu mali. Anajua pia kwamba katibu anatakiwa kuwasilisha bajeti Jumatatu. Anaandika hivi:

"Ndugu Katibu, salaam. Asante kwa mwaliko wa kikao cha Alhamisi. Sitaweza kuhudhuria, kwani siku hiyo tunahesabu mali ghalani. Kuhusu ajenda ya tatu, ununuzi wa matairi 12, napendekeza tununue 8, kwa sababu 4 mapya yamo ghalani. Orodha kamili utaipata Jumatano kabla ya saa sita mchana. Kama mjadala wa ajenda hiyo unanihitaji niwepo, naweza Jumatano saa nane mchana au Ijumaa saa tatu asubuhi, chagua unaokufaa."

Tazama alivyosema "sitaweza" waziwazi. Wengi wetu, kwa kuona haya, huandika "nitajaribu kufika". Katibu hukuhesabia akidi, na siku yenyewe watu hukaa wakikungoja. Sababu nayo imetosha kwa sentensi moja. Ikirefuka, huanza kusikika kama utetezi.

Maoni yake yamefungwa kwenye ajenda moja, yana idadi na sababu, hivyo mwenyekiti anaweza kuyasoma kikaoni kama yalivyo. Angeandika tu "nina maoni kuhusu matairi", angelazimika kupigiwa simu kikao kikiendelea.

Nyakati alizotoa ni mbili, na zote ni kabla ya Jumatatu. Angependekeza Jumanne inayofuata, angekuwa anajifaa mwenyewe, kwani bajeti ingekuwa imeshaondoka mikononi mwa katibu. Angalia pia saa. Kalenda ya simu huandika 10:00 pale tunaposema saa nne asubuhi, kwa hiyo taja asubuhi au mchana kila mara. Na mwenzako akiwa Kigali, yeye yuko saa moja nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi.

Kuna mahali maandishi hayafiki. Palipo na kura, maoni ya barua kwa kawaida hayahesabiwi kura wala hayajazi akidi, isipokuwa katiba ya chama au kanuni za kikao ziruhusu. Hapo omba kikao kisogezwe mapema, kabla wenzako hawajapanga safari. Wakishindwa kukisogeza, maoni yako yatume hivyo hivyo, ili watakaopiga kura wawe wameyasoma.