Saketi inayokopa

Mtoto wa shule anayetoa 27 kutoka 52 hukwama kwenye mamoja: mbili haitoshi kutoa saba. Anakopa kumi moja kwa jirani wa kushoto, anapata 12, anatoa, kisha anakumbuka kwamba jirani yule sasa ana deni. Saketi ya kutoa hufanya hivyo hivyo, ila inachokopa ni mbili badala ya kumi, kwa kuwa inajua tarakimu mbili tu, 0 na 1.

Tuanze na biti moja. Tunatoa B kutoka A na kutafuta majibu mawili: tofauti T, na mkopo K, ambao ni 1 tukilazimika kukopa. Hali zinazowezekana ni nne. 0 toa 0 ni 0. 1 toa 0 ni 1. 1 toa 1 ni 0. Inabaki 0 toa 1: tunakopa mbili, tunatoa moja, inabaki moja, na deni limeandikwa. Hiki ndicho kitoaji nusu. T ni 1 pale A na B zinapotofautiana. K ni 1 katika hali moja tu, A ikiwa 0 na B ikiwa 1:

```
T = A ⊕ B
K = A'·B
```

Alama ' inageuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0. Nukta ni NA, + ni AU, na ⊕ hutoa 1 pale biti zake mbili zinapotofautiana.

Kinaitwa nusu kwa sababu hakina mahali pa kupokea deni la jirani wa kulia. Kitoaji kamili kinapokea biti ya tatu, C, yaani mkopo uliofanywa na nafasi iliyotangulia. Sasa hesabu ni A toa B toa C:

```
A B C | T K
0 0 0 | 0 0
0 0 1 | 1 1
0 1 0 | 1 1
0 1 1 | 0 1
1 0 0 | 1 0
1 0 1 | 0 0
1 1 0 | 0 0
1 1 1 | 1 1
```

Mstari wa nne unahitaji utulivu. Sifuri inadaiwa mara mbili, na B na C. Inakopa mbili, inalipa zote, inabaki 0, huku K ikiwa 1.

T ni 1 pale idadi ya moja kati ya A, B na C ni witiri, kwa hiyo T = A ⊕ B ⊕ C. Kwa K, soma nusu ya juu ya jedwali, ambako A ni 0: yeyote kati ya B na C akidai, lazima tukope. Nusu ya chini A ni 1, kwa hiyo ina uwezo wa kumlipa mmoja. Tunakopa pale tu wote wawili wanapodai. Ukiunganisha:

```
K = A'·B + A'·C + B·C
```

Kitoaji kamili hujengwa kwa vitoaji nusu viwili na lango moja la AU. Cha kwanza kinatoa B kutoka A. Cha pili kinatoa C kutoka tofauti iliyopatikana. Mikopo yao miwili inaingia kwenye AU. Hapa ndipo waya hukosewa sana: C huunganishwa upande wa A wa kitoaji cha pili. T haitakuonyesha kosa, maana ⊕ haijali mpangilio. Jaribu A=1, B=0, C=0. Kama K imewaka, yaani saketi imekopa ili kutoa sifuri kutoka moja, geuza waya hizo mbili.

Kwa biti nne, panga vitoaji kamili vinne, K ya kila kimoja ikiingia kwenye C ya jirani wa kushoto. C ya kulia kabisa iwe 0. Tutoe 6 kutoka 9, yaani 1001 toa 0110. Kulia, 1 toa 0 ni 1, hakuna mkopo. Nafasi ya pili, 0 toa 1 ni 1, mkopo 1. Ya tatu ni ule mstari wa nne: 0 toa 1 toa 1 ni 0, mkopo 1. Ya mwisho, 1 toa 0 toa 1 ni 0, deni limekwisha. Jibu 0011, yaani 3.

Ukigeuza, 0110 toa 1001, inatoka 1101 na K ya mwisho inabaki 1. Ukisoma 1101 kama 13 utashangaa, lakini mkopo ule una thamani ya 16, na 13 toa 16 ni −3. K ya mwisho ndiyo inayosema kwamba A ilikuwa ndogo kuliko B.

Udhaifu wa mnyororo ni muda. Katika 0000 toa 0001, mkopo unazaliwa kulia na kupita nafasi zote, malango mawili kwa kila moja. Lango likichelewa nanosekunde 10, kila nafasi inaongeza 20, na ukisoma jibu mapema unapata tarakimu zisizo sahihi. Pia vichakato vingi havijengi kitoaji cha pekee: hugeuza biti zote za B, huongeza 1, na kutumia kijumlishi kilichopo. Njia hiyo inapindua ishara ya mwisho, kwani kijumlishi hutoa 1 pale ambapo hakuna mkopo. Kichakato cha 6502 cha mwaka 1975 kiliiacha hivyo hivyo. Intel 8086 ya 1978 huigeuza tena, ili 1 imaanishe mkopo.