Chumba Kinachoshusha Bei ya Nyumba

Dalali yeyote atakwambia kwamba nyumba ya vyumba vinne ni ghali kuliko ya vyumba viwili. Lakini ukiingiza bei za nyumba kwenye rigresheni yenye vigezo kadhaa, idadi ya vyumba pamoja na eneo kwa mita za mraba, si ajabu jibu likaja na alama ya kutoa mbele ya vyumba: kila chumba kikiongezeka, bei inashuka. Wengi hudhani kompyuta imekosea. Haijakosea. Imejibu swali tofauti na lile la dalali, na tofauti yenyewe imejificha katika maneno machache yanayoandamana na kila koefisienti: vigezo vingine vikibaki vilevile.

Tuchukue nyumba sita nilizozibuni ili hesabu iweze kufanywa kwa kalamu. Mbili zina vyumba viwili vya kulala: moja ni mita za mraba 60, bei yake shilingi milioni 70, nyingine ni mita 80, milioni 90. Mbili zina vyumba vitatu: mita 90 kwa milioni 95, na mita 110 kwa milioni 115. Mbili za mwisho zina vyumba vinne: mita 120 kwa milioni 120, na mita 140 kwa milioni 140.

Tukitazama vyumba peke yake, wastani wa bei ni milioni 80 kwa nyumba za vyumba viwili, 105 kwa vitatu na 130 kwa vinne. Kila chumba kinakuja na milioni 25. Dalali yuko sahihi. Ila angalia pia eneo: wastani wake unapanda kutoka mita 70 hadi 100 hadi 130. Kila chumba kimekuja na mita 30, kwa hiyo ile milioni 25 ni bei ya chumba na mita zake kwa pamoja.

Sasa tuvitenganishe. Kwanza eneo. Linganisha nyumba mbili zenye idadi moja ya vyumba: tofauti ni mita 20, na bei inatofautiana kwa milioni 20. Ni hivyo kwa jozi zote tatu. Mita moja ya mraba, vyumba vikibaki vilevile, ni milioni 1.

Kwenye vyumba kuna ugumu, kwa sababu hakuna nyumba mbili zenye eneo sawa. Hapo ndipo rigresheni inapofanya kazi yake: inasawazisha kwa hesabu. Chukua nyumba ya vyumba vitatu yenye mita 90, bei milioni 95. Ipunguze hadi mita 80 kwa kuondoa mita 10, yaani milioni 10, inabaki 85. Nyumba halisi ya mita 80 yenye vyumba viwili ni milioni 90. Chumba cha ziada kimepunguza milioni 5. Ukiwa na programu ya R, ukiandika

```
lm(bei ~ vyumba + eneo)
```

utapata 20 kama kianzio, -5 kwa vyumba na 1 kwa eneo.

Hiyo -5 ina maana ya wazi kabisa. Nyumba ni ileile kwa ukubwa, kuta za nje hazijasogea, ila ndani kuna chumba zaidi. Kimetoka wapi? Sebule imekatwa, au vyumba vyote vimebanwa. Mnunuzi analipa pungufu kwa nyumba iliyobanana.

Kwa hiyo mwenye nyumba anayetaka kuongeza chumba asiisome -5 kama jibu lake kabla ya kujiuliza anakiongezaje. Akigawa sebule kwa ukuta, eneo halijabadilika, na -5 ndiyo namba inayomhusu. Akijenga chumba kipya cha mita 15 nje ya kuta za sasa, eneo limebadilika pia: kutoa 5, kuongeza 15, mlinganyo unakadiria milioni 10 zaidi. Na hata hapo ni makadirio yanayotokana na kulinganisha nyumba tofauti. Umbali wa barabara, maji na hati ya kiwanja havimo kwenye mlinganyo, kwa hiyo havijashikiliwa. Kama nyumba zenye vyumba vingi ziko mbali na lami, sehemu ya ile -5 huenda ni ya umbali.

Usawazishaji huu unategemea nyumba kutofautiana vya kutosha. Tuseme kila nyumba ya vyumba viwili ingekuwa na mita 70, ya vitatu mita 100 na ya vinne mita 130. Chumba na mita 30 zingekuwa kitu kimoja, na hakuna hesabu ingeweza kuvitenganisha; R ingeandika NA kwenye moja ya koefisienti. Takwimu halisi hazifiki huko mara nyingi, lakini hukaribia. Utazijua kwa kosa sanifu linalovimba kupita koefisienti yenyewe, au kwa kuondoa nyumba moja tu na kuona alama ya vyumba ikigeuka kutoka hasi kwenda chanya.