Mashine iko Mpanda, karani yuko Kalemie

"Mama, kesho nitakupigia saa 8 tupange oda." Ujumbe huo uliingia jioni kwenye simu ya mteja wangu mmoja, mama mwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Mpanda mjini. Kesho yake asubuhi simu ikaita ndani ya mkoba huku mashine ikinguruma, hakuisikia. Saa nane mchana akazima mashine, akakaa kwenye benchi na daftari lake, akasubiri. Simu haikuita. Alipopiga yeye, karani wake, binti wa Kalemie, akashangaa: "Lakini mama, nilikupigia asubuhi mara tatu."

Binti alisoma kwa Kifaransa, na kwake saa 8 ni ile inayosomeka 8 kwenye skrini ya simu. Kwa saa ya Kongo ya mashariki hiyo ni saa mbili asubuhi, na wakati huo huku kwetu ni saa tatu, kwa kuwa Kalemie iko nyuma yetu kwa saa moja. Kwa mama wa Mpanda, saa nane ni saa nane, chakula cha mchana kimeshaliwa. Wote wawili walikuwa wanazungumza Kiswahili, na kati yao pakakatika saa tano nzima. Magunia hayakupakiwa siku hiyo, na boti la Karema halikungoja.

Nimeanza na saa kwa sababu watu wanaokuja kuniuliza habari za kuajiri mtu nje ya nchi huwa wanaogopa sheria kwanza, na saa wanaiona jambo la kitoto. Kumbe ndiyo inayovunja kazi wiki ya kwanza. Dawa yake haina gharama. Kwenye kila ujumbe wa kikazi andikeni tarakimu nne na nchi, hivi: 09:00 TZ / 08:00 RDC. Msiandike "saa tatu", "asubuhi" wala "jioni". Sisi na Kongo hatubadilishi saa kwa majira, kwa hiyo tofauti yenu haibadiliki mwaka mzima. Anayemwajiri mtu Ujerumani au Uingereza ana kazi zaidi: kule saa husogezwa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na siku hiyo kikao chenu kinahama bila mtu kukigusa.

Mama na binti walikubaliana orodha ya oda ifike kabla ya 15:00 TZ, maana kutoka Mpanda mpaka bandari ya Karema ni kilomita mia na ushee, na lori lililochelewa kuondoka linafika usiku.

Sasa tuje kwenye hela. Walipatana dola 200 kwa mwezi. Kazi ya binti ni kupokea oda za wenye maduka wa Kalemie kwa WhatsApp, kuziandika kwenye jedwali, na kuwakumbusha wanaodaiwa. Mwezi wa kwanza mama akaenda benki, akajaza fomu ya kutuma nje, akatuma 200. Binti akapokea 178.

Hakuna aliyeiba. Fedha ya benki kutoka Mpanda kwenda Kalemie haiendi moja kwa moja. Hupita kwenye benki moja au mbili za katikati, mara nyingi za ng'ambo, na kila moja inaweza kukata chake njiani. Kwenye fomu kuna sehemu ndogo ambayo watu huiruka, ya kuchagua nani anabeba gharama. Ina herufi tatu tatu. `OUR` maana yake mtumaji anabeba zote. `SHA` ni kugawana: wewe unalipa za benki yako, za mbele zinakatwa kwenye fedha yenyewe. `BEN` zote zinamwangukia mpokeaji. Mama hakuchagua kitu, na karani wa dirishani akamwekea `SHA`, kama ilivyo kawaida. Ukitaka 200 ifike 200, taja `OUR` mwenyewe, na kabla hujasaini uliza itakugharimu kiasi gani.

Kwa kiasi kidogo kama hiki gharama ya kutuma inauma, kwa sababu haipungui sana hata fedha ikiwa kidogo. Wengi wa Karema wanapitisha noti mkononi kwa manahodha wa boti. Siwalaumu, fedha inafika. Shida inakuja mwisho wa mwaka wa hesabu: afisa wa Mamlaka ya Mapato anauliza ushahidi wa hiyo gharama na wewe unamtajia jina la boti. Malipo ya simu yana kumbukumbu nzuri zaidi, na ukimwajiri mtu Kenya kutuma kutoka M-Pesa ya huku kwenda M-Pesa ya kule kumewezekana tangu 2015. Kwa Kongo, jaribu kwanza kwa kiasi kidogo kabla hujaahidi mshahara kwa njia hiyo. Benki ya CRDB nayo ina benki yake Lubumbashi tangu 2023, basi inafaa kuuliza tawini kama mpokeaji akifungua akaunti huko njia inakuwa fupi zaidi.

Lakini makato ya benki ni madogo ukilinganisha na hili ambalo mama hakulijua kabisa: kodi ya zuio. Mfanyabiashara wa Tanzania anapomlipa mtoa huduma asiye mkazi wa nchi hii, sheria inamtaka azuie asilimia 15 ya malipo na kuipeleka TRA. Mama akaniambia, "Mwanangu, huyu binti hajawahi hata kukanyaga Karema. Kodi ya nini?" Hoja yake si mpya. Makampuni makubwa yaliipeleka mpaka Mahakama ya Rufani, na mwaka 2018, kwenye shauri la kampuni ya Tullow, mahakama ikaamua kuwa huduma inayofanyiwa nje lakini ikatumiwa na mlipaji aliye Tanzania inaingia kwenye kodi hiyo. Oda zinaandikwa Kalemie, anayezitumia yuko Mpanda.

Hapo neno "tulipatana dola 200" linageuka mtego, kwa sababu halisemi ni 200 ya wapi. Ikiwa ni kabla ya kodi, binti anapata 170 na TRA wanapata 30. Ikiwa ni 200 mkononi, huzidishi 200 kwa asilimia 15. Unagawanya 200 kwa 0.85. Inatoka 235.29. Asilimia 15 ya hiyo ni 35.29, inayokwenda TRA, na 200 inabaki ya binti. Mama alichagua njia hii ya pili kwa sababu alikuwa ameshaahidi. Kodi ya mwezi inatakiwa iwe imelipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na usipoizuia unadaiwa wewe, si yeye. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini kuingia huko hakuondoi kodi hii, na sisi hatuna na Kongo mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili. Zambia tunao. Anayemtumia mtu wa Mpulungu ausome kabla ya kukata.

Nimekuwa nikiandika "mtoa huduma", na msomaji makini atauliza: je, si mfanyakazi? Hilo ndilo swali zito kuliko yote, na jibu lake halitoki kwenye kichwa cha karatasi. Unaweza kuandika juu kwa herufi kubwa MKATABA WA HUDUMA, lakini kama unampangia saa za kuingia na kutoka, umempa simu na bando, unamkataza kufanyia wengine kazi, na anaomba ruhusa akiugua, basi mkaguzi wa kazi wa Kalemie atamwona mfanyakazi. Akishaonekana hivyo, zinamfuata sheria za kwao, wala si za kwetu, hata kama karatasi inasema vinginevyo: michango ya hifadhi ya jamii ya Kongo, kodi ya mshahara, notisi, likizo. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inahesabu kuwa mkataba usioandikwa ni wa muda usio na kikomo. Kwa hiyo "tutaandikishana baadaye" inamfunga mwajiri kuliko anavyodhani.

Kwa kazi ya mama, utoa huduma ulikuwa wa kweli, na tulihakikisha unabaki wa kweli. Binti anatumia simu yake. Anawafanyia wafanyabiashara wengine wawili kazi kama hiyo. Mkataba unadai orodha ifike kabla ya saa fulani, haudai yeye awe amekaa mahali fulani. Anatoa ankara kwa kila malipo, na ankara hiyo pamoja na mkataba ndivyo benki inavyotaka kuona fedha inapokwenda nje. Angekuwa wa kutwa nzima chini ya amri ya mama, ningemshauri atafute kampuni ya Kongo imwajiri binti kisheria na yeye ailipe kampuni.

Kitu kimoja tulikikataza kwa maandishi: binti hapokei fedha za wateja na hakubali bei kwa niaba ya mama. Anapokea oda, mama ndiye anayeithibitisha. Mtu anayefunga mauzo kwa niaba yako kila siku katika nchi nyingine anaweza kufanya ionekane kuwa una biashara huko, na mamlaka ya kodi ya huko ikaja kudai sehemu ya faida.

Mkataba wenyewe ni kurasa mbili, Kiswahili upande mmoja na Kifaransa upande wa pili, kwa kuwa mahakama ya Kalemie itataka Kifaransa. Tuliandika notisi ya siku 30 kwa kila upande. Tuliandika pia sheria ya nchi gani itatumika, ingawa nilimwambia mama ukweli: hakuna atakayevuka ziwa na wakili kwa ajili ya dola 200. Kinachowalinda ni kulipana kila wiki mbili badala ya mwezi, ili asiyeridhika asiwe na deni kubwa la kudai.

Na kuna laini. Mwanzoni wateja wote walikuwa kwenye namba ya Kongo iliyosajiliwa kwa jina la binti. Siku akiondoka, soko lote linaondoka naye, hata mkataba useme orodha ya wateja ni mali ya nani. Tukaihamishia kazi kwenye namba ya mama ya +255. WhatsApp inakaa kwenye simu ya mama, naye binti anaingia kupitia sehemu iliyoandikwa `Linked devices`, inayoruhusu mpaka vifaa vinne. Simu kuu isipotumika kwa siku 14 vifaa hivyo hutolewa vyenyewe, na ilitokea mama alipokwenda shambani Mpimbwe msimu wa kuvuna akaiacha simu hiyo nyumbani.

Mwaka huu binti ameolewa, amehamia Lubumbashi. Mama alibonyeza jina la kifaa chake, akakiondoa, na mchana huo huo akamuunganisha karani mpya. Kati ya wateja wote ni mmoja tu aliyegundua. Aliuliza mbona siku hizi salamu zinaandikwa kwa herufi kubwa.