Asubuhi za Kwanza Ziachwe Wazi

Kila Desemba familia nyingi za Wakenya wanaoishi Minnesota hufunga masanduku kuja nyumbani kwa wiki mbili au tatu, na ratiba zao hufanana. Ndege inatua Nairobi usiku. Kesho yake ni kusalimiana na jamaa. Keshokutwa alfajiri gari linaelekea Maasai Mara, na siku ya nne wako njiani kwenda Kisii kwa nyanya. Kule mbugani watoto wanasinzia simba wakipita, na baba anaamka saa nane za usiku na halali tena. Watu husema ni uchovu wa safari, utaisha ukilala vizuri usiku mmoja. Uchovu wa kukaa kitini kutwa nzima huisha hivyo kweli. Huu mwingine, ambao wengi huuita jetilagi, hauondoki kwa usiku mmoja, na ratiba kama hiyo ndiyo inayourefusha.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho mawili inapopishana, kuna kikundi kidogo cha seli kinachoongoza saa ya mwili. Ndicho kinachoamua usingizi uje lini, njaa ije lini, na joto la mwili lipande na kushuka lini. Kikiachwa peke yake bila mwanga wa jua, mzunguko wake kwa watu wengi huzidi saa 24 kwa dakika chache, kwa hiyo kila siku kinahitaji kurekebishwa. Kinachokirekebisha zaidi ni mwanga unaoingia machoni. Ndege inakuvusha kanda za saa kwa siku moja, lakini saa hiyo ya ndani inabaki ulikotoka. Ukienda mashariki, inasogea kwa wastani wa saa moja tu kwa siku. Desemba Nairobi iko mbele ya Minneapolis kwa saa tisa. Piga hesabu mwenyewe: kwa anayekuja likizo ya wiki mbili, zaidi ya nusu ya siku zake zimeliwa.

Wengi wamesikia kwamba dawa ni kutoka nje ukapate jua la asubuhi. Kwa safari hii, ushauri huo una madhara, na hapo ndipo pa kuelewa vizuri.

Kila usiku joto la mwili hushuka hadi kiwango cha chini kabisa, kisha huanza kupanda kukuandaa kuamka. Kwa mtu aliyezoea kulala zaidi ya saa saba, kilele hicho cha usiku wa mwili huwa kama saa tatu kabla ya muda wake wa kuamka. Kwa anayelala saa saba au chini ya hapo, kama saa mbili kabla. Mwanga mkali ukikupata baada ya kilele hicho, unaivuta saa ya mwili mbele, yaani kesho utasinzia na kuamka mapema zaidi. Ukikupata kabla ya kilele, unairudisha nyuma, na kesho utachelewa zaidi. Saa chache za pande zote mbili za kilele ndizo zenye nguvu kuliko nyingine zote.

Sasa tumchukue mama anayeishi Minneapolis, analala saa nne usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi. Kilele chake ni saa tisa usiku kwa saa za kule. Ongeza tisa: kwa saa za Nairobi ni saa sita mchana. Asubuhi yake ya kwanza nyumbani, jua linapochomoza, mwili wake uko saa tatu na nusu usiku na ndio kwanza unajiandaa kulala. Akitoka saa moja asubuhi kunywa chai uani, au akaingia kwenye gari la wazi kutazama wanyama, mwanga wote anaoupata mpaka saa sita unamrudisha nyuma, kuelekea Marekani. Jua la uani si jambo dogo. Sebuleni mwanga huwa lux mia chache tu, ilhali nje, hata siku ya mawingu, hupita lux 10,000. Anayefanya hivyo siku tatu mfululizo huweza kuishia na saa ya mwili inayozunguka kwa upande mrefu, saa kumi na tano nyuma badala ya tisa mbele, na likizo huisha kabla hajafika.

Kwa hiyo siku za kwanza zipangwe kinyume na desturi: asubuhi ndani, adhuhuri na alasiri nje. Asubuhi ya kwanza mama huyu abaki nyumbani pazia zikiwa zimefungwa mpaka saa sita, na akilazimika kutoka avae miwani ya giza na kofia. Kuanzia saa sita hadi saa tisa alasiri atoke kabisa: aende sokoni kwa miguu, akae bustanini, acheze na watoto uwanjani. Siku ya pili mpaka unasogea hadi saa tano, ya tatu hadi saa nne, na kuendelea hivyo. Mpaka ukifika saa kumi na mbili asubuhi, karibu wiki moja baada ya kutua, jua la alfajiri linakuwa rafiki, na hapo ndipo Mara ya alfajiri ina maana.

Wiki moja ni ndefu. Inaweza kupunguzwa nusu kwa kuanza safari kabla ya safari. Watafiti Charmane Eastman na Helen Burgess, walipokuwa Chuo Kikuu cha Rush huko Chicago, walionyesha kwamba mtu anaweza kuisogeza saa yake akiwa bado nyumbani, saa moja hivi kwa siku, kwa kulala na kuamka mapema na kukaa kwenye mwanga mkali mara anapoamka. Mama wetu, siku tatu kabla ya kuondoka, alale saa tatu usiku na kuamka saa kumi na moja. Kesho yake alale saa mbili na kuamka saa kumi. Siku ya tatu alale saa moja na kuamka saa tisa. Desemba jua la Minneapolis huchomoza karibu saa mbili asubuhi, kwa hiyo atahitaji ile taa ya mezani ya lux 10,000 ambayo watu wa kule huitumia kupambana na huzuni ya majira ya baridi. Jioni apunguze taa za nyumba na aweke simu mbali. Kwa mwenye kazi na watoto wa shule, siku ya tatu ni ngumu. Hata mbili zinasaidia.

Akifanya zote tatu, kilele chake kinakuwa saa sita usiku kwa saa za Minneapolis, ambayo ni saa moja asubuhi Amsterdam na saa tatu asubuhi Nairobi. Hili linabadilisha hata kituo cha katikati. Akipitia Amsterdam na kutua asubuhi, taa za uwanja wa ndege na mwanga wa dirishani sasa zinamsaidia, wakati yule ambaye hakujiandaa angepaswa kuvaa miwani ya giza mpaka saa nne. Ndege ya kwanza ni ya kulala. Ya pili ni ya kukaa macho dirisha likiwa wazi, usingizi ubakizwe kwa Nairobi. Siku ya kwanza nyumbani mpaka wake ni saa tatu asubuhi, ya pili saa mbili, ya tatu saa moja, na ya nne anaweza kupanda gari la Mara alfajiri akiwa mtu mzima.

Usiku wa kutua una tabu yake. Saa nne usiku wa Nairobi, mwili wa aliyejiandaa uko saa kumi jioni, na nyumba imejaa watu. Kusalimiana na kula si kosa. Hatari iko baadaye, kati ya saa tisa usiku na mpaka wake wa asubuhi, usingizi unapokatika na mkono ukatafuta simu. Abaki gizani hata kama hasinzii. Melatonini ya miligramu 0.5 hadi 5 wakati wa kulala wa Nairobi husaidia wengi kwa siku chache za mwanzo. Ikinywewa asubuhi au adhuhuri huichanganya saa zaidi. Mwenye kifafa au anayetumia warfarini amwone daktari kwanza, na vivyo hivyo kwa watoto. Anayejidunga insulini apange saa za sindano na daktari wake kabla ya kuondoka.

Utajuaje kama unakwenda upande sahihi? Fuatilia wimbi la usingizi mzito. Kila siku kuna saa ambapo macho yanafumba yenyewe na baridi inaingia mwilini hata kwenye joto. Hapo ndipo kilele kilipo. Wimbi likija saa tano leo na saa nne kesho, uko njiani. Likianza kuja saa nane mchana, halafu saa tisa, saa yako inarudi nyuma, na mara nyingi sababu ni jua la asubuhi uliloliona mapema mno. Ukizidiwa na wimbi hilo, lala dakika ishirini au thelathini, usizidishe, na usilale baada ya saa kumi jioni.

Kwa sababu ya wimbi hilo hilo nasisitiza kwamba mgeni asiendeshe gari siku hizi. Nairobi hadi Kisii kwa njia ya Narok ni zaidi ya kilomita 300, na desturi ni kuondoka alfajiri kukwepa msongamano. Kwa dereva aliyetua juzi, alfajiri ni mwanzo wa usiku wake, na atafika Narok akikaribia kilele chenyewe. Kahawa haibadilishi hilo. Usukani apewe ndugu aliyelala Kenya.

Wauguzi wa zamu ya usiku, na Minnesota wapo wengi, wahesabu upya. Anayelala kila siku kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, siku za mapumziko zikiwemo, tayari analala saa za Nairobi au karibu nazo, na kwake jua la asubuhi ni sawa tangu siku ya kwanza. Lakini wengi wao siku za mapumziko hurudi kulala usiku na familia, na saa yao haijui iko wapi. Hao wachague wiki ya mwisho kabla ya safari kuwa ya mchana tupu, kisha waanze hesabu kama mama wetu.

Sehemu ngumu ya mpango huu ni watu. Jamaa wamesubiri miaka, na wageni huanza kubisha hodi saa mbili asubuhi. Ni vyema kusema mapema, kwa simu, kabla ya kupanda ndege: «Mama, tafadhali waambie shangazi na wajomba waje saa tisa alasiri siku mbili za kwanza. Tutakaa nao uani mpaka giza liingie.» Mama wengi hukubali wakielezwa sababu, na saa tisa chakula kimekwisha kuiva.