Neno lenye mlango mmoja

Kwenye mazoezi ya lugha kuna sehemu ambayo wanafunzi wengi huiona nyepesi mpaka wanaporudishiwa karatasi. Ni kifungu cha habari chenye mapengo, na juu yake kisanduku cha maneno. Sharti lake ni fupi: kila neno litumike mara moja tu. Kwa miaka ya kutunga na kusahihisha mazoezi haya nimegundua kwamba wanaokosea mara nyingi Kiswahili wanakijua. Tatizo lao ni pale wanapoanzia: hukimbilia pengo la kwanza, wakashuka nalo hadi la mwisho.

Tufanye zoezi moja pamoja. Nimelitunga kwa ajili ya makala hii.

Kisanduku: halijapanda, imetulia, jipya, kile, kwani, lakini, mpaka, ulivuma, wengi, zao

Kifungu: Alfajiri ile bahari ilikuwa (1)____ kama maji ya mtungini. Upepo (2)____ taratibu kutoka kusini, ukalijaza tanga (3)____ la Mzee Salimu. Yeye na mjukuu wake walipofika mwambani walikuta rafiki (4)____ wamekwisha kufika. Wakazitupa nyavu (5)____, kisha wakasubiri (6)____ jua lilipochomoza. Walipozivuta, samaki walijaa tele. Mjukuu alitaka kuzitupa tena (7)____ mashua ilikuwa bado na nafasi, (8)____ babu yake alikataa. “Chukua (9)____ kinachotosha,” alimwambia, “bahari haihami.” Wakarudi pwani kabla jua (10)____.

Maneno 10 katika mapengo 10 yanaweza kupangwa kwa njia 3,628,800. Mpangilio ulio sahihi ni mmoja tu. Hakuna haja ya kubahatisha, kwa sababu Kiswahili chenyewe hufunga karibu milango yote kwa viambishi vyake.

Kabla ya kuandika chochote, soma kifungu chote ukiruka mapengo. Hapo utajua kwamba ni habari ya wavuvi, kwamba inasimuliwa kwa wakati uliopita, na kwamba babu na mjukuu walipingana kidogo. Kisha acha mapengo, geukia kisanduku. Chukua kila neno ujiulize: hili linaweza kuingia wapi? Usiulize linapendeza wapi. Uliza linaruhusiwa wapi na sarufi. Andika namba za mapengo hayo kando ya neno, kwa penseli.

Tuanze na *jipya*. Kivumishi hiki hubeba ji- kinapofuata nomino ya ngeli ya LI-YA katika umoja. Upepo ni mpya, mashua ni mpya, nyavu ni mpya, lakini tanga ni jipya. Jua nalo ni la ngeli hiyohiyo, ila pengo la 10 linadai kitenzi: “kabla jua jipya” ni maneno yaliyokatika njiani. Kwa hiyo *jipya* lina mlango mmoja, pengo la 3.

*Halijapanda* huanza na li- iliyojificha nyuma ya ha- ya ukanushi. Kinachotenda ni cha LI-YA tena, na neno “kabla” mara nyingi hufuatwa na kitenzi cha -ja- kinachokanusha. Basi ni pengo la 10. *Ulivuma* hudai mtenda wa u-, naye ni upepo, pengo la 2. *Imetulia* hudai mtenda wa i-. Bahari ni ya ngeli ya I-ZI, na kitenzi “ilikuwa” kilicho mbele ya pengo la 1 kimekwisha kututajia hiyo i-. Tena kinafungua nafasi ya kitenzi cha pili chenye -me-: ilikuwa imetulia.

*Kile* ni la kuvutia zaidi, kwa kuwa nomino yake haipo popote kwenye kifungu. Hakuna kitu, hakuna chombo, hakuna chakula. Lakini kuna “kinachotosha”, na ki- ya mwanzo pamoja na -cho- ya katikati zinatosha kushuhudia kwamba kinachozungumziwa ni cha KI-VI. Pengo la 9 limepata neno lake. Mwanafunzi anayetafuta upatanisho kwenye nomino peke yake hukwama hapa. Dalili huweza kukaa kwenye kitenzi kinachofuata pengo, kwa hiyo jicho lazima lisome pande zote mbili.

Maneno matano yamekaa. Yamebaki matano mengine, na hapo ndipo mtego ulipo.

Tazama pengo la 4: “walikuta rafiki ____ wamekwisha kufika.” Aliyeanza juu na kushuka hufika hapa akiwa na *zao* na *wengi* mkononi. Kwa kawaida hulitia *zao*, na sentensi inasikika vizuri: walikuta rafiki zao wamekwisha kufika. Wala si kosa la Kiswahili. Rafiki ni kiumbe, na viumbe hupatanishwa kwa A-WA, ndiyo maana tunasema rafiki mwema, rafiki amekuja. Lakini majina kama rafiki, ndugu na baba, yakiwa katika wingi, huchukua kimilikishi cha z-: rafiki zao, ndugu zangu, baba zetu. Basi rafiki anakubali *zao*, na anakubali *wengi* pia.

Sasa shuka hadi pengo la 5: “Wakazitupa nyavu ____.” Kama *zao* limekwisha kutumika, utabaki na *wengi*, nawe utaandika “nyavu wengi”. Nyavu si viumbe. Hizo ni nyingi. Pengo la 4 lilionekana sahihi, na kumbe ndilo lililoharibu la 5.

Anayeanzia kisandukuni haumizwi na mtego huu. Kando ya *zao* ataandika namba mbili, 4 na 5. Kando ya *wengi* ataandika namba moja tu, 4. Neno lenye mlango mmoja huingia kwanza. *Wengi* linaketi kwenye 4, na *zao* linabakiwa na 5 bila ubishi. Hiyo ndiyo kazi ya sharti la kutumia neno mara moja: kila neno unalolikalisha kwa uhakika huziba mlango kwa jingine. Katika kifungu hiki sharti hilo ni dalili sawa na ngeli.

Neno *zao* lina jambo jingine la kuangalia. Kisandukuni maneno hayana lebo, na *zao* ni pia nomino, kama tunapotaja zao la biashara. Anayelisoma hivyo anaweza kushawishika na pengo la 9: “Chukua zao.” Lakini hapo kitenzi kingekuwa “linalotosha”. Neno lenye maana mbili lipimwe kwa zote mbili, ndipo likataliwe au likubaliwe.

Vilivyobaki ni viunganishi: *kwani*, *lakini* na *mpaka*. Hivi viache mwisho, maana havina ngeli wala havipatani na nomino yoyote. Hata hivyo *mpaka* lina tabia inayolisaliti: kinachokuja baada yake kikiwa tukio lililopita, kitenzi hupenda kubeba -po-. Wakasubiri mpaka jua lilipochomoza. Pengo la 6 lina “lilipochomoza”, tena likijazwa *kwani* au *lakini* sentensi huishia hewani, kwa kuwa “jua lilipochomoza” haliwezi kusimama peke yake. Wengine hulipeleka *mpaka* kwenye pengo la 8, “mpaka babu yake alikataa”, lakini hapo tungetarajia “alipokataa”.

Sasa ni *kwani* na *lakini*, mapengo ya 7 na ya 8, na sarufi haina la kusema tena. Vyote viwili huunganisha sentensi kamili. Kinachoamua ni mantiki ya habari. Nafasi iliyobaki ndani ya mashua ndiyo sababu ya mjukuu kutaka kutupa nyavu tena, basi pengo la 7 ni *kwani*. Kukataa kwa babu kunakwenda kinyume na matakwa hayo, basi la 8 ni *lakini*. Ukivigeuza, mjukuu atakuwa ametaka kutupa nyavu kwa sababu babu amekataa, na habari inavunjika.

Mapengo yakishajaa, soma kifungu chote kwa sauti. Kisha pitia kisanduku, ufute kila neno uliloliona. Likibaki neno kisandukuni, au likionekana mara mbili kwenye kifungu, kuna kosa. Ukitumia maneno yote 10, kila moja mara moja, huwezi kupata alama 9. Neno likikaa pasipo pake limekalia nafasi ya jingine, na hilo nalo limekosa kwake. Unapata zote, au unakosa angalau mbili.

Jambo hili la maneno kubadilishana nafasi huwahusu watunzi zaidi kuliko wanafunzi. Niliwahi kutunga zoezi lenye sentensi hii: “Mama alinunua ____ sokoni, na dada akaleta ____ kutoka dukani”, na kisandukuni nikaweka *mkate* na *sukari*. Nusu ya darasa walianza na mkate na nusu wakaanza na sukari, nami sikuwa na haki ya kumkosesha yeyote. Tangu siku hiyo kila zoezi ninalotunga hulipitia kwa kubadilishana maneno mawili mawili, hasa yale ya aina moja. Jozi ikihama na kifungu kikabaki salama, pengo mojawapo lina njaa ya dalili. Ningeandika “akaleta ____ uliookwa”, u- ingeshuhudia mkate na sukari ingejua kwake.

Mapengo ya namna hii hayajatumika kumpima mwanafunzi peke yake. Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor alipendekeza kufuta maneno kwenye matini kwa mpango maalumu, bila kisanduku, ili kupima matini yenyewe: wasomaji wakiweza kuyarudisha maneno mengi, maandishi hayo ni mepesi. Kisanduku hubadili kazi hiyo. Msomaji haulizwi tena neno gani lilikuwepo. Anaulizwa kila neno linaruhusiwa wapi. Kwa Kiswahili tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa neno moja kama “wakazitupa” limebeba watenda, wakati, kitendwa na tendo. Bila kisanduku, kulifuta ni kufuta karibu sentensi nzima.

Kwa hiyo ninaposahihisha sihesabu vema na mkasi peke yake. Natazama ni jozi gani zimebadilishana. Aliyeandika “nyavu wengi” ana kazi ya ngeli mbele yake, hata kama “rafiki zao” yake ni Kiswahili safi. Aliyegeuza *kwani* na *lakini* ngeli anazijua vizuri, ila hakusikia mjukuu alitaka nini wala babu alikataa nini. Wote wawili wana alama 8, na kesho yake siwapi somo moja.