Vilima vya Kigali na Mabega ya Mtumiaji wa Kiti cha Magurudumu

Kigali ni mji wa vilima. Atembeaye kwa miguu hupanda na kushuka, akifika nyumbani huketi na kupumzisha miguu yake. Lakini kwa mtu ambaye miguu yake haimchukui tena, mabega ndiyo miguu. Hayo humpandisha mtaani, humtoa kitandani na kumweka kitini, humwinua kutoka kitini hadi kwenye gari. Jioni ikifika, mabega hayo hayo humpikia, humfulia na kumpakatia mtoto. Hayana siku ya mapumziko.

Si ajabu, basi, kwamba watu wengi waliotumia kiti cha magurudumu kwa miaka mingi hulalamika maumivu ya bega. Wengine hudhani kwamba dawa yake ni kuongeza nguvu za kusukuma, nao hunyanyua vyuma vizito mbele ya kifua. Kumbe kusukuma ndiko kulikowaumiza. Mazoezi yawafaayo zaidi ni yale ya kuvuta.

CHANZO CHA MAUMIVU

Bega limeumbwa kama tufe lililoegemezwa kwenye kisahani kifupi. Juu ya tufe hilo kuna paa la mfupa, na kati ya paa na tufe pana nafasi nyembamba inayopitisha kano. Misuli midogo minne hulishika tufe lisipande juu.

Kila mtu anaposukuma kiti kupanda mlima, au anapojiinua kwa viganja vyake, uzito wa mwili hulisukuma tufe kuelekea kwenye paa. Misuli ya kifua na ya mbele ya bega hukua na kukaza kwa kazi hiyo ya kila siku, hali misuli ya mgongo na ile midogo inayolishusha tufe hubaki dhaifu. Mabega huanza kuinama mbele, nafasi hupungua, na kano husagwa kati ya mifupa miwili. Hapo ndipo bega huuma mtu anapofikia kitu kilicho juu, au anapolalia upande mmoja usiku.

Mwaka 2011 yalichapishwa nchini Marekani matokeo ya uchunguzi wa watu 80 waliopooza miguu na wenye maumivu ya bega. Kundi moja lilifanya mazoezi nyumbani mara tatu kwa wiki, kwa muda wa wiki 12, likitumia mipira ya kuvuta na vyuma vidogo vya mkononi, pamoja na kufundishwa namna bora ya kusukuma kiti na ya kuhama kutoka kitini. Maumivu ya kundi hilo yalipungua hadi kiasi cha theluthi moja ya yale ya mwanzo. Kundi la pili, lililopewa mafunzo ya maneno tu, halikupata nafuu hiyo.

VIFAA

Vifaa havina gharama kubwa. Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ukikatwa karibu na mahali pa kujazia upepo, hutoa ukanda wenye urefu wa karibu mita mbili. Uoshwe kwa sabuni ili unga uliomo utoke, nao ukaguliwe kila siku kabla ya kutumiwa. Ukionekana una ufa, hata mdogo, utupwe, kwa kuwa mpira ukatikao huruka na kupiga jicho.

Badala ya vyuma vya mkononi, chupa mbili za nusu lita zilizojazwa maji zinatosha kwa kuanzia. Kila moja ina uzito wa nusu kilo. Nguvu zikiongezeka, maji yamwagwe na mchanga utiwe mahali pake.

MAANDALIZI

Kibofu kimwagwe kwanza. Kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo katika sehemu ya kifua cha juu au shingoni, jambo hili si la usafi tu. Kibofu kilichojaa kinaweza kuupandisha mgandamo wa damu kwa ghafla. Kichwa kikianza kugonga, uso ukaiva na jasho likatoka juu ya mahali palipoumia, mazoezi yaachwe mara moja, mtu aketi wima, nguo zinazobana zilegezwe na mrija wa mkojo uangaliwe kama umejikunja. Hali isipotulia upesi, apelekwe hospitali.

Kiti kirudishwe nyuma hatua moja ili vigurudumu vidogo vya mbele vielekee mbele, kwani hapo kiti hukaa imara zaidi na hakipinduki kwa urahisi mwenyewe anapoinama. Breki zifungwe pande zote mbili, na jiwe au kipande cha gogo kiwekwe mbele ya kila gurudumu kubwa. Mtu asiyeweza kujizuia kuanguka mbele afungwe kanga au kitenge kifuani, kizungushwe nyuma ya kiti.

MFANO WA FUNDI CHEREHANI

Uchukuliwe mfano wa mama fundi cherehani akaaye Nyamirambo. Hana nguvu za miguu, lakini misuli ya juu ya tumbo lake ingali inafanya kazi. Kila asubuhi hupanda kilima kwenda kibandani kwake, na kutwa huinamia mashine. Bega lake la kulia limeanza kumsumbua anapoanika nguo. Mama huyu ana dakika 30 siku za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, jioni, baada ya kazi.

Aanze kwa kuvuta. Mpira uzungushwe kwenye nguzo ya baraza, usawa wa kifua chini kidogo, naye aielekee nguzo huku ameshika ncha mbili. Avute viwiko kwenda nyuma, vikipita karibu na mbavu, mpaka mifupa bapa ya mgongoni ikaribiane. Ahesabu mbili, kisha arudi polepole kwa hesabu ya tatu. Afanye mara 10, apumzike dakika moja na nusu, kisha arudie hadi itimie mizunguko mitatu. Yafaa mwenzake amtazame kwa nyuma mara ya kwanza: mabega yakipanda kuelekea masikioni, mpira umekaza mno, na kazi inafanywa na misuli isiyohusika.

Zoezi la pili ni kuvuta kutoka juu. Mpira hufungwa kwenye boriti au chuma cha juu cha dirisha, upande wa mkono ufanyao kazi, kwa kimo asichohitaji kunyoosha mkono juu ya kichwa. Auvute kushuka mpaka kiwiko kiguse ubavu. Tendo hili hulishusha tufe la bega kutoka kwenye paa lake, na kwa mpanda vilima ni zoezi lenye faida kubwa mno. Mara 10 kila mkono, mizunguko mitatu.

La tatu ni dogo kwa sura, nalo aghalabu hudharauliwa. Taulo iliyokunjwa hubanwa kati ya kiwiko na ubavu, kiwiko kikiwa kimepindwa nusu. Mpira hufungwa upande wa mkono usiofanya kazi, na mkono ufanyao huuvuta kwenda nje kama mlango unaofunguka. Taulo ikianguka, zoezi limekosewa. Hapa mpira uwe mlegevu, naye afanye mara 15, kwa kuwa misuli hii midogo haihitaji uzito bali subira.

Kisha achukue chupa zake. Azinyanyue pande zote mbili, mikono ikielekea mbele kidogo mfano wa mtu anayetaka kukumbatia pipa, vidole gumba vikitazama juu, wala asipite usawa wa bega. Mara 10, mizunguko miwili. Bega likimchoma kabla ya kufika usawa huo, aishie chini ya pale linapoanza kuchoma.

Mazoezi ya kusukuma mbele na ya kunyanyua uzito juu ya kichwa hayana haja kwake kwa sasa. Kilima cha kila asubuhi kimekwisha kumtimizia.

TUMBO NA KIUNO

Bega haliwezi kufanya kazi vema juu ya kiwiliwili kinachoyumba. Mama huyu asogee mbele kidogo kitini, aache kuegemea, na akae wima kwa hesabu ya 20, viganja vikiwa mapajani. Akiliweza hilo, akunje mikono kifuani, ainame mbele kiasi cha shubiri moja, kisha arudi wima bila kujivuta kwa mikono. Mara nane zinatosha.

Baadaye afunge mpira kwenye nguzo iliyo ubavuni kwake, aushike kwa mikono miwili mbele ya kifua, na kuinyoosha mikono taratibu. Mpira utataka kumgeuza; kazi yake ni kukataa kugeuka. Ahesabu tano na kurudisha mikono kifuani, mara nane kila upande.

Mtu aliyeumia juu zaidi, ambaye tumbo lake halimtii kabisa, asiige mazoezi hayo kama yalivyo. Huyo apitishe mkono mmoja nyuma ya mpini wa kiti ili umshikilie, na mkono wa pili ufikie kitu kilichowekwa mbele au kando, kisha arudi. Kiasi atakachokifikia bila kuanguka ndicho kipimo chake, nacho kitaongezeka kidogo kidogo.

KUPIMA MAENDELEO

Uchovu wa misuli unaotoweka baada ya siku moja au mbili ni wa kawaida. Maumivu makali ndani ya bega wakati wa zoezi, au yanayomwamsha mtu usiku, si uchovu. Zoezi lililoyaleta lisimamishwe, na yasipokwisha mtaalamu wa mazoezi ya viungo aonwe. Ganzi ya vidole hutokana mara nyingi na kifundo cha mkono kilichokunjwa nyuma. Ashikapo mpira au chupa, kifundo kinyooke.

Mizunguko yote ikifanyika mara 15 kwa urahisi, mpira ushikwe karibu zaidi na nguzo, au mchanga uongezwe. Kisitendwe kingine. Mazoezi yakiisha, aweke kigango cha mkono kwenye kizingiti cha mlango na kusogeza kiti mbele polepole mpaka kifua kinyooke, kwa hesabu ya 30 kila upande. Mwisho aikague ngozi ya makalio kwa kioo, kwani kusogea kitini kunaweza kuichubua bila yeye kuhisi.

Yote hayo hayatafaa kitu ikiwa asubuhi atarudia mwendo ule wa zamani wa kupiga gurudumu vipigo vifupi vya haraka. Msukumo na uwe mrefu na laini, na baada ya kila msukumo mkono ushuke chini ya ukingo wa gurudumu kabla ya kurudi juu. Kigali ina nafasi nzuri ya kujifunza mwendo huo: tangu mwaka 2016 mji huo umekuwa na asubuhi za Jumapili ambazo barabara fulani hufungwa kwa magari na kuachiwa watu. Juu ya lami tupu, pasipo pikipiki wala mfereji wa kukwepa, mkono hupata wasaa wa kujifunza. Kuhusu kilima chenyewe, hakuna aibu kuomba kusukumwa.